Siku ya kodi, siku ya notisi

Jumapili moja ya mwezi wa Februari mpwa wangu alikuja nyumbani na karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, akaziweka juu ya meza kando ya kikombe changu cha chai. Alikuwa amepata chumba chake cha kwanza huko Kisauni, chumba kimoja chenye choo ndani na sinki ya kuoshea vyombo, kodi shilingi 7,000 kwa mwezi. Keateka, yaani msimamizi wa nyumba, alikuwa amemwambia atie sahihi upesi kwa sababu wako wengine wanaokitaka. Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Akaniambia, "Mjomba, haya maneno nayasikia kila siku, lakini nikiulizwa maana yake siwezi kueleza." Alikuwa amepiga mstari chini ya manne: lile la mkataba wenyewe, dipoziti, malimbikizo ya kodi, na notisi.

Tulikaa na karatasi zile hadi adhuhuri. Nilimweleza nilivyoelewa, kisha nikamsimulia jinsi nilivyoyajifunza mwenyewe kwa kupoteza pesa mwaka wa 2016, na ndiyo sababu ninaandika makala haya. Mengi yanayoandikwa kuhusu kupanga nyumba huyaeleza maneno haya moja moja, kama vile kila moja lina maisha yake. Mpangaji hukutana nayo yote pamoja katika siku chache za mwisho wa upangaji, na hapo ndipo hugundua kwamba tarehe aliyotolea notisi ndiyo iliyoamua kama ana malimbikizo, na malimbikizo hayo ndiyo yaliyokula dipoziti yake.

Nianze na mkataba, ambao watu wengi wa hapa Mombasa huuita agrimenti. Kijana anayepanga chumba kwa kuelewana tu na keateka, bila karatasi yoyote, mara nyingi hudhani kwamba hana mkataba. Anao. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inakubali kwamba upangaji wa muda mfupi unaweza kufanywa kwa mdomo, na pale ambapo wahusika hawakutaja muda wala hawakupatana jinsi ya kutoa notisi, kifungu cha 57 kinauhesabu upangaji huo kuwa wa vipindi, yaani unaojirudia kipindi baada ya kipindi. Urefu wa kipindi hutokana na jinsi kodi inavyolipwa. Ukilipa kwa mwezi, una upangaji wa mwezi hadi mwezi, na kila siku ya kodi inapofika bila ya mmoja wenu kuwa amemaliza upangaji kwa njia inayostahili, mwezi mwingine mzima huanza. Hili la mwezi mzima ndilo ambalo mimi sikulijua.

Nilikuwa nimepanga chumba Mishomoroni kwa shilingi 6,500 kwa mwezi, na siku ya kodi ilikuwa tarehe 1, ingawa keateka alikuwa akituvumilia hadi tarehe 5. Hapakuwa na mkataba wa maandishi. Niliingia kwa kulipa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya kiasi hicho hicho, nikaishi hapo miaka miwili. Kisha nikapata kazi upande wa Likoni, na tarehe 10 Juni nikamwambia keateka kwamba nimetoa notisi ya mwezi mmoja, kwa hiyo nitaondoka tarehe 10 Julai. Alikubali kwa kichwa, akaenda zake. Mwanzoni mwa Julai nikapiga hesabu niliyoiona ya haki: siku kumi kati ya siku 31, ni kama shilingi 2,100, nikazituma. Tarehe 10 nikarudisha ufunguo na kuomba dipoziti yangu.

Mwenye nyumba alinijibu kwa ujumbe wa simu. Aliandika kwamba Julai nimelipa 2,100 na nimebakisha 4,400, kwamba kupaka chumba rangi kutagharimu 2,500, kwamba jumla ni 6,900 na dipoziti ni 6,500, kwa hiyo mimi ndiye ninayedaiwa shilingi 400. Niliusoma ujumbe ule mara tatu nikiwa nimesimama kituoni na begi mkononi. Nilimwona ni mwizi, na nilimwita hivyo mbele ya marafiki zangu kwa muda mrefu. Baadaye, nilipokisoma kifungu cha 57 kwa utulivu, niliona kwamba katika lile kubwa la Julai haki ilikuwa yake, na katika lile dogo la rangi haki ilikuwa yangu.

Kifungu hicho kinasema kwamba upangaji wa vipindi unaweza kumalizwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua kipindi chenyewe, nayo notisi hiyo iishe katika mojawapo ya siku ambazo kodi hulipwa. Masharti ni mawili. Watu wengi hulijua la kwanza, kwamba notisi iwe ya mwezi mmoja, na hawalijui la pili, kwamba iishie siku ya kodi. Notisi yangu ya tarehe 10 Juni haikuweza kuishia tarehe 1 Julai, kwa sababu hapo ungekuwa haujatimia mwezi. Haikuweza kuishia tarehe 10 Julai, kwa sababu hiyo si siku ya kodi. Siku ya kwanza iliyofaa ilikuwa tarehe 1 Agosti, na kwa hiyo Julai yote ilikuwa yangu, niishi nisiishi. Kama ningalitoa notisi ile kabla Mei haijaisha, ningaliweza kuondoka Juni inapoisha bila deni lolote. Na hata kwa notisi ya Juni 10, kama ningalijua kwamba kodi ya Julai nzima iko juu yangu, nisingalirudisha ufunguo tarehe 10. Ningalihama taratibu kwa wiki tatu zilizobaki badala ya kumlipa mtu wa mkokoteni siku moja kwa bei ya haraka.

Kanuni hii huhusu upangaji ambao haukuwekewa masharti yake ya notisi. Mkiwa na karatasi, isomeni karatasi kwanza. Ya mpwa wangu ilisema notisi ya mwezi mmoja wa kalenda kwa maandishi, na katika mazoea ya ajenti wa nyumba maana yake hufika pale pale: mwezi unaohesabiwa huanza tarehe 1 na kuisha siku yake ya mwisho, kwa hiyo notisi ya tarehe 3 huhesabiwa kuanzia mwezi unaofuata. Nilimwambia amuulize ajenti jambo hilo kwa ujumbe ulioandikwa, si kwa mdomo, aulize hivi: nikitoa notisi tarehe 3 Juni, upangaji wangu utaisha siku gani? Jibu lilikuja kwamba utaisha tarehe 31 Julai. Sasa anajua, na jibu lipo kwenye simu yake.

Notisi yenyewe haihitaji ufundi. Iandikwe, ibebe tarehe, itaje chumba, na itaje siku upangaji unapokwisha, kwa sababu notisi inayosema tu "nataka kuhama mwezi ujao" humwachia kila mtu kuhesabu anavyopenda. Nilimwandikia mpwa wangu mfano: "Mimi, mpangaji wa chumba nambari 14, ninatoa notisi leo tarehe 28 Mei kwamba upangaji wangu utaisha tarehe 30 Juni. Ninaomba tukague chumba pamoja siku hiyo na nirudishiwe dipoziti yangu." Ikitumwa kwa simu, basi itumwe kwa yule anayepokea kodi, na nakala kwa keateka. Mimi nilimwambia keateka pekee, na kwa bahati hakukana. Angalikana, hata ile Agosti nisingalikuwa na la kusema.

Sasa dipoziti. Kiswahili kina maneno mawili ya kale ambayo hulieleza jambo hili vizuri kuliko neno la Kiingereza tulilolizoea. Kuna arbuni, pesa anayotoa mnunuzi ili muuzaji asimuuzie mtu mwingine, ambayo kwa desturi ya biashara mnunuzi akighairi huipoteza. Na kuna amana, kitu ulichokiweka kwa mtu akutunzie, ambacho kinabaki kuwa chako. Kijana anayetafuta chumba hukutana na zote mbili. Zile shilingi 1,000 au 2,000 anazoombwa na keateka ili "amshikie chumba" hadi mwisho wa mwezi ni arbuni, na ni vyema aulize kabla ya kutoa kama zitahesabiwa ndani ya kodi atakapoingia. Dipoziti ni amana. Mwenye nyumba anaishika ili akate humo hasara ambayo mpangaji ameiacha, kodi aliyobakisha, labda bili ya maji, na kinachobaki hakijawahi kuwa chake. Neno hilo amana linafaa kusemwa waziwazi mtu anapodai, kwa maana humlazimu anayeishika kueleza kila shilingi aliyoikata.

Na hapo ndipo ilipo ile rangi. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali ileile lililokuwa nayo upangaji ulipoanza, isipokuwa hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida. Kila aliyeishi pwani anajua ukuta wa mawe ya matumbawe hufanya nini. Unyevu hupanda kutoka chini, chumvi hutoka nje kama unga mweupe, rangi hufura mfano wa lengelenge na kisha humenyeka ukiigusa kwa kidole. Mpangaji anaweza kukaa miaka miwili bila kupigilia hata msumari mmoja, na bado ukuta ukaonekana hivyo. Huo ni uchakavu wa kawaida. Mlango uliovunjika kitasa kwa kupigwa teke si uchakavu, wala sinki iliyopasuka kwa kuangushiwa sufuria, na wala ukuta uliochorwa na mtoto kwa kalamu ya wino.

Kwangu mimi, hesabu ya haki ingekuwa hivi: dipoziti 6,500, toa 4,400 za Julai, zibaki 2,100 za kurudishwa. Nilizikosa kwa sababu sikuwa na cha kuonyesha. Nilijua kwamba ukuta ulio nyuma ya sinki ulikuwa umemenyeka tangu siku niliyoingia, lakini sikuupiga picha, na keateka aliyenikabidhi chumba alikuwa ameshaondoka na mwingine ameshika nafasi yake. Mwenye nyumba alisema chumba kilikuwa kipya nilipoingia, nami nikasema hakikuwa. Mambo yakakomea hapo.

Ningalikuwa na picha zenye tarehe, ningaliweza leo kulifikisha dai kama hilo katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, na ambako mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Hata hivyo sidhani kwamba kila mtu ataiendea mahakama kwa shilingi 2,100. Picha hufanya kazi yake mapema zaidi, siku ya kukagua chumba, pale mwenye nyumba anapoanza kutaja rangi na wewe ukamwonyesha ukuta ulivyokuwa siku ya kwanza.

Wapo wanaoamua kumaliza dipoziti kwa kuishi: mwezi wa mwisho hawalipi, wakimwambia keateka akate humo humo. Naelewa kwa nini wanafanya hivyo, kwa sababu wamewaona wenzao wakizungushwa miezi mitatu kwa pesa zao wenyewe. Mwenye nyumba akikubali, na kukubali kwake kuwe kumeandikwa, hakuna ubaya. Lakini mikataba mingi, ukiwemo wa mpwa wangu, inasema kwamba dipoziti haitatumika kuwa kodi, na penye sharti hilo, mwezi ambao hukuulipa ni deni la kodi kama deni jingine lolote.

Deni hilo ndilo malimbikizo, na neno lenyewe linajieleza. Kulimbika ni kuweka kitu kidogo kidogo hadi kiwe kingi, na hivyo ndivyo kodi ya nyuma inavyokua, mara nyingi bila ya mwenyewe kuiona. Nilimpa mpwa wangu mfano wa mtu niliyekuwa nikipakana naye chumba kule Mishomoroni. Yeye alikuwa na mkataba wa maandishi, wenye faini ya shilingi 500 kwa kila mwezi ambao kodi yake haijakamilika ifikapo tarehe 5. Mwezi wa Machi alipungukiwa, akalipa 4,000 katika 6,500, akabakisha 2,500. Kuanzia Aprili hakupungukiwa tena. Alilipa 6,500 kila tarehe 2, Aprili, Mei, Juni na Julai. Alidhani ana deni la 2,500 na faini moja ya 500, basi.

Ajenti alikuwa akiandika vingine. Pesa za Aprili zilipoingia, alichukua 2,500 kufunga Machi, akaandika 4,000 zilizobaki kuwa za Aprili, na hivyo Aprili ikawa haijakamilika, ikapigwa faini. Za Mei zilianza kwa kufunga Aprili, na Mei nayo ikapungukiwa. Kufikia Julai alikuwa na miezi mitano yenye faini, yaani 2,500 za faini juu ya 2,500 za awali, na deni la shilingi 5,000 kwa mtu ambaye tangu Machi hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alipooneshwa daftari alipiga kelele kwamba ni uongo, lakini tarakimu zilikuwa zimejumlishwa sawasawa.

Dawa yake ilikuwa sentensi moja. Ni kanuni ya kale ya madeni kwamba anayelipa ana haki ya kusema, wakati wa kulipa, pesa hizi ni za deni lipi. Asiposema, anayepokea ndiye anayechagua. Anayelipa kwa M-Pesa huandika nambari ya nyumba tu kwenye nafasi ya akaunti, na ujumbe unaorudi hautaji mwezi. Kwa hiyo siku ileile, mtumie ajenti ujumbe: "Nimetuma 6,500, ni kodi ya Aprili. Salio la Machi 2,500 nitalilipa kando tarehe 20." Jirani yangu angalifanya hivyo, faini ingalibaki ile moja ya Machi. Napendelea pia mtu aombe taarifa ya hesabu yake mara moja kila miezi mitatu, kabla deni halijawa kubwa kiasi cha kuona haya kulitaja.

Mpwa wangu aliniuliza, je, malimbikizo yakiwepo, mwenye nyumba anaweza kukutia kufuli mlangoni? Hufanyika, na wengine hufika hadi kung'oa mlango wenyewe au kuondoa bati. Njia ambayo sheria inampa mwenye nyumba kuhusu vitu vya mpangaji ni tofauti. Kuna sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, ambayo ukamataji wake hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni. Dalali huyo huandika orodha ya vitu, huacha nakala, na hutoa muda wa kulipa kabla ya chochote kuuzwa. Keateka anayebeba televisheni yako kwa sababu umechelewa hana mamlaka hayo, hata kama deni ni la kweli. Lakini deni likiwa la kweli, ni vizuri kuandika mapema ni lini na kwa mafungu gani litalipwa, kwa sababu gharama za dalali nazo huangukia mgongoni mwa mpangaji.

Tulipomaliza, tulirudi kwenye karatasi zake. Palikuwa na nafasi mbili zilizoachwa wazi, moja ya siku ya kodi na nyingine ya kiasi cha dipoziti, na keateka alikuwa amemwambia zitajazwa baadaye. Nilimwomba asitie sahihi zikiwa wazi. Jumatatu alimpigia ajenti, zikajazwa: tarehe 1, shilingi 7,000, na chini yake kwa mkono, dipoziti ya maji shilingi 1,000, ambayo ilikuwa imetajwa kwa mdomo tu. Jumla ya kuingilia ikawa 15,000, akalipa na kupewa risiti inayotenganisha kila fungu, kodi peke yake na dipoziti mbili peke yake.

Jioni ya siku aliyochukua ufunguo alinitumia picha kumi na moja kabla hajaingiza hata godoro. Ya saba ilikuwa ya ukuta ulio nyuma ya sinki. Rangi ilikuwa imefura kwa upana wa kiganja, na pembeni unga mweupe wa chumvi umeanguka juu ya sementi. Alikuwa ameiandika kasoro hiyo kwenye karatasi pamoja na dirisha lisilofunga vizuri, na keateka akatia sahihi chini yake kwa kalamu ya bluu, na tarehe.